Kikaratasi cha Kumi na Mbili

Penseli yake aliichomeka kwenye nywele, chini ya mtandio, na kila alipoihitaji aliitafuta kwanza mezani, kisha mfukoni, kisha akatutazama sote kana kwamba tumemwibia. "Nani kanichukulia penseli yangu?" Tukainamia kazi zetu. Fundi wa mashine, ambaye hakuweza kuzuia kicheko hata msibani, alikuwa wa kwanza kutusaliti. Ndipo Karani akapeleka mkono kichwani, akaichomoa, akasema, "Haya, chekeni. Kazi haina mwenye kuifanya leo."

Karani tulimwita hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwa sababu jina lake halikuwahi kukaa midomoni mwetu. Kwao wapi, wazazi wake nani, hayo nitayaacha. Ninachotaka kusimulia ni namna alivyokuwa, na nilichomfanyia. Nimelisogeza hilo mbele mara nyingi mno, na nikilisogeza tena sitalisema kamwe.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Hoteli tuliyokuwa tukiifanyia kazi hapa Malindi ilipofungwa, tulijikusanya, tukachukua mashine zake za kufulia, tukafungua kampuni ya dobi. Tukawa tunafulia mahoteli na nyumba za wageni: mashuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza. Wenyewe ndio wafanyakazi, wafanyakazi ndio wenyewe. Ukisikia hivyo utadhani ni raha tupu. Miezi ya kwanza tuligombana hadi majirani wakaja kutazama. Nani apige pasi, nani akae mlangoni kwenye upepo, nani aende nyumbani mapema. Kila mmoja alikuwa na kanuni yake, na kila kanuni, ukiitazama vizuri, ilimfaa aliyeileta.

Karani ndiye aliyetutoa huko. Ujanani alikuwa amesoma falsafa chuo kikuu miaka miwili, akaacha ili aje kumuuguza mama yake, na hakurudi. Hilo alilitaja mara moja tu, akiwa anahesabu taulo. Lakini alikuwa ametoka huko na kitu kimoja, akakishika maisha yake yote. Alikiita pazia.

Siku aliyotufundisha alisimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa uani, akasema, "Nyinyi mnatunga kanuni mkiwa mmevaa nguo zenu. Zivueni kwanza." Fundi wa mashine akauliza kama ni zote. Wanawake tukaangua kicheko. Karani hakucheka. Akaeleza: chukua kwamba uko nyuma ya pazia. Dunia unaijua. Unajua hoteli hufunga miezi ya kusi, unajua pasi huunguza, unajua watu huzaa, huugua na huzeeka. Usichokijua ni wewe mwenyewe ni nani kati ya hawa kumi na wawili. Basi kutoka huko nyuma, chagua kanuni. Utaishi nayo pazia likishafunguliwa, yeyote utakayejikuta kuwa.

"Mimi ni mwanamume, Karani," fundi akasema. "Hilo nitalisahau vipi?"

"Kwa muda wa kikao kimoja, yakhe. Ukimaliza utajikuta upo palepale."

Na kwa vile alijua kusahau hakuwezekani, alitengeneza njia. Kabla ya kila kikao cha kanuni aliandika vikaratasi kumi na viwili. Hakuandika majina hata siku moja, ila hali za watu. *Unapiga pasi na una shinikizo la damu. Unaishi Marafa na mvua ikinyesha barabara hukatika. Una mtoto anayenyonya. Umeanza kazi juzi, hujui lolote. Wewe ndiye msimamizi.* Hali nyingine zilikuwa zetu, nyingine hazikuwa za mtu yeyote bado. Tulipomuuliza kwa nini anaandika watu ambao hawapo, alisema kanuni ni ya kesho pia. Vikaratasi vilisomwa vyote kwa sauti, vikakunjwa, vikatiwa kwenye kapu la vibanio vya nguo, na kila mtu akachukua kimoja bila kukifungua. Ndipo tukajadili, tukapiga kura, kila mtu kashika hatima yake mkononi haijui.

Baada ya kura tulifungua. Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Kila mmoja alisema kama yule aliyeandikwa kwenye kikaratasi chake: mimi mwenye mtoto anayenyonya, kanuni hii inanifanya nini? Nina sababu ya kuikataa ambayo nyinyi wenzangu, mkiwa watu wa haki, hamwezi kuipuuza? Kama sababu ya mtu mmoja ya kuikataa ilikuwa nzito kuliko sababu ya mtu yeyote ya kukataa njia nyingine, kanuni ilianguka, hata kama kumi na mmoja waliipenda.

Hili la mwisho lilitusumbua. Nitatoa mfano wa pasi. Wapiga pasi walikuwa watatu, na chumba chao saa saba mchana kilikuwa hakikaliki. Mtu alileta kanuni kwamba wasipumzike mchana, waunganishe kazi mfululizo, ili sote tutoke nusu saa mapema. Kwa vichwa ilikuwa imekwisha pita, tisa kwa watatu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale tisa, tena nilipaza sauti: nusu saa mara watu tisa ni saa nne na nusu za maisha ya watu!

"Ya nani?" Karani akauliza. "Nani huyo anayepata saa nne na nusu? Nionyesheni nimpe pole kwa kuzikosa."

Hapakuwa na mtu. Kila mmoja alikuwa na nusu saa yake tu. "Malalamiko hayajumlishwi," akasema. "Weka mtu mmoja hapa anayefika nyumbani akichelewa nusu saa. Weka mmoja hapa anayeanguka kwa kizunguzungu juu ya pasi ya moto. Watazamane. Yupi atamwambia mwenzake avumilie?" Tuliona haya. Wapiga pasi wakapumzika mchana, na sote tukaanza kuingia kwa zamu chumba kile. Ndipo nilipojua kizunguzungu ni nini.

Msidhani alitaka tuwe sawa kwa kila kitu. Dereva wetu alikuwa akiondoka na tuktuk ya kampuni kwenda nayo kwake Ganda, wengine tukanung'unika: kwa nini yeye tu? Karani akaipitisha kwenye pazia. Anayekaa nayo anafaidi, kweli. Lakini kwa vile inalala Ganda, alfajiri inawachukua wale wa mbali zaidi, ambao zamani walikuwa wakitembea gizani. Mtu wa chini kabisa yuko heri na tofauti ile kuliko bila yake. "Basi iache," akasema. "Kumzidi mwenzio si kosa. Swali ni kama yule wa mwisho angekukubalia akijua kila kitu." Mimi ni mtu wa Ganda. Nilikuwa nikipakiwa kwenye tuktuk hiyohiyo kila alfajiri, na bado nilikuwa mmoja wa walionung'unika. Ndivyo nilivyo.

Na yeye, hakuwa malaika. Kwenye foleni ya mkate wa mofa sokoni aliruka watu bila haya, akijifanya kusalimia mtu wa mbele. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Karani, na pazia?" Akanitazama, mkate umeshaingia mkobani: "Pazia ni la kampuni." Viatu vya watu alivaa bila kuomba. Alikuwa bahili wa vibanio hata akavihesabu siku ya Idi. Na jambo moja zaidi, ambalo wakati ule sikuliona kuwa kasoro: hakuwahi kulalamika kwa ajili yake mwenyewe. Meno yake yaliuma mwezi mzima, tukajua siku alipokuja hana jino. Alitufundisha sote kusema shida zetu, na za kwake akazikalia.

Ndivyo alivyoyakalia macho yake.

Meza yetu ya kuchambulia ilikuwa ya watu wawili, mimi na yeye. Kila hoteli ina alama yake, uzi ulioshonwa kwenye pembe ya shuka. Hii mkufu, hii msalaba, hii mafundo matatu. Yeye alichambua huku akiongea, hatazami, vidole vinapita pembeni na shuka linaenda kwenye fungu lake. Nilidhani ni ufundi wa miaka. Kisha hoteli mbili zikaja na alama za mashine, za namna moja, tofauti ni rangi tu: moja kijani, moja buluu. Siku hiyo nikaona Karani anasita. Analileta shuka karibu na uso, analipeleka mlangoni kwenye jua, anarudi. Akaweka la kijani kwenye fungu la buluu. Nikaliondoa kimya kimya nikaliweka mahali pake.

Nilifanya hivyo miezi mingi. Hatukuwahi kulizungumza. Siku moja tu, nilipokuwa nikinyoosha mkono kuondoa foronya, mkono wake ukakutana na wangu juu ya fungu. Akaushika kidogo, akasema, "Ahsante, mwanangu." Basi. Hakuna mwingine aliyejua kiwandani, ila mimi.

Miezi ya kusi hoteli hufunga, na kazi iliyobaki huwa ya watu wanane. Wanne lazima wakae nyumbani. Kanuni yetu ilikuwa zamu: mwaka huu hawa, mwaka ujao wale. Mwaka ninaousema, zamu ilikuwa yangu. Mume wangu hakuwa na kazi tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa silali. Na ikatokea kwamba siku chache ambazo mimi sikuja, mashuka ya kijani yalikwenda kwenye hoteli ya buluu, na meneja wao akaja mwenyewe, amefura, akisema mara nyingine atahama. Sote tukaogopa.

Wazo likanijia pale pale, nalo lilikuwa tamu. Nikamwambia msimamizi: kwa nini tuwe tunarudisha nyumbani watu makini kwa sababu ya zamu? Wanaokaa nyumbani wawe wale wanne wenye makosa mengi ya kuchanganya mashuka, na wasirudi mpaka kazi iwahitaji. Msimamizi akalipenda. Mimi sikuwa na kosa hata moja. Na makosa ya Karani, nikiacha kuyarekebisha, nilijua yatakuwa mangapi. Nataka niseme sikulifikiria hilo. Nililifikiria.

Kanuni ikapelekwa kwenye pazia. Karani wakati huo alikuwa ameanza kunipa mimi kuandika vikaratasi. Mwandiko wangu ni mzuri, alisema. Tulikaa uani Jumamosi baada ya alasiri, akanitajia moja baada ya nyingine. Mpiga pasi, mwenye mtoto, mtu wa Marafa. Akafika kumi na moja, akashika kikombe chake cha kahawa tungu. "Cha kumi na mbili andika: macho yako yanapungua, na hutapona."

Nikaandika: *Una afya njema na nyumbani kwako ni karibu.* Nilikuwa nimeshaandika kimoja cha namna hiyo, kwa hiyo sikuhitaji hata kufikiri.

Lazima nieleze nilichofanya, kwa sababu mtu anaweza kudhani ni kikaratasi tu. Bila kile kimoja, kila aliye nyuma ya pazia aliona kwamba makosa ni uzembe, na uzembe unaepukika. Hata ukiwa mpiga pasi, hata ukiwa wa Marafa, ukitulia hutakosea. Nani aikatae kanuni kama hiyo? Kikaratasi kile kingekuwemo, pangekuwa na mtu mmoja ambaye hawezi kutulia akapona. Ambaye kila kusi angekuwa yeye, mwaka baada ya mwaka, kwa jambo ambalo hakulifanya. Ungemweka huyo mbele ya mtu mwingine yeyote anayekaa nyumbani zamu moja kisha akarudi, wakatazamana, kanuni isingesimama hata dakika. Tungetafuta njia nyingine: alama kubwa zaidi, mtu wa pili wa kuhakikisha, Karani ahamie kwenye simu na kupokea wateja. Pazia halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeamua nani hayupo duniani.

Nikasoma vyote kwa sauti. Kile cha kumi na mbili nilikuwa nimekiandika upya kwa maneno mengine kidogo, kisifanane na mwenzake: *Huna shida yoyote, kwako ni karibu.* Karani aliinua kichwa.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, Karani."

"Haya."

Tukachukua, tukajadili, mikono kumi na miwili ikapanda. Wake ulipanda wa mwisho, nikadhani ni uzee. Kisha tukafungua, tukasema mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa na neno. Zamu yake ilipofika alikishika kikaratasi akakigeuza, akampa fundi wa mashine aliyekuwa kando yake. "Hebu nisomee, miwani nimeiacha." Hakuwahi kuwa na miwani. Fundi akasoma: "Huna shida yoyote, kwako ni karibu." Watu wakacheka, wakampigia makofi. Una bahati, Karani!

Alisubiri wanyamaze. "Mimi sina shida yoyote," akasema, kama alivyotufundisha sote kusema. "Kwangu ni karibu. Sina sababu ya kukataa."

Niliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndara mpya, nazikumbuka mpaka leo.

Mezani nikaacha kurekebisha, na kusi ilipoingia alikuwa wa kwanza kwenda nyumbani. Watu walishangaa, Karani na makosa yote yale? Msimamizi alisikitika, lakini kanuni ilikuwa kanuni, tena ya pazia. Yeye alikabidhi vitabu, akahesabu vibanio, akatafuta penseli yake mezani. Safari hii hakuna aliyecheka. Kazi ilipofunguka hakuitwa, maana meza ya kuchambulia niliimudu peke yangu, na mwaka uliofuata kanuni ililetwa tena kuthibitishwa, kama tunavyofanya kila kanuni kabla ya kusi. Vikaratasi niliandika mimi. Niliandika kumi na moja na kimoja cha afya njema, tena, kwa mkono huu. Ule mwaka wa kwanza naweza kusema ni hofu. Wa pili ni nini?

Mwaka wa tatu, kikao kikiwa kesho yake, nilitoka kazini mchana nikaenda kwake mji wa kale. Nilimkuta kibarazani na mdogo wake, mwanamke mwembamba anayeshona kofia, ambaye anaishi naye. Nikasema shikamoo. Akageuza uso upande wa sauti.

"Marahaba, mwanangu. Umenuka sabuni. Mnatumia ile ya bei rahisi siku hizi."

Nililia kabla sijasema kitu, na nikajichukia kwa hilo, maana kulia kulikuwa kama kumwomba anibembeleze. Hakunibembeleza. Mdogo wake aliinuka akaingia ndani na kofia yake. Nikamwambia yote: zamu yangu, mume wangu, meneja wa hoteli, kikaratasi.

"Najua," akasema. "Nilihesabu. Wenye afya walikuwa wawili."

"Kwa nini hukusema? Ungesema neno moja tu, kanuni ingeanguka!"

"Ningesema mimi, ingekuwa ni mimi naomba nionewe huruma. Nilitaka aseme asiye na haja. Nilikosea pia. Nilijiona mkubwa mno wa kulalamika. Mtu akinyamaza na shida yake, wengine wataijua wapi? Lakini nilikuwa najua yupo mmoja anayeijua."

Nikamwambia kesho nitasimama, nitawaeleza kilichokosekana miaka miwili, na kikaratasi kitakuwemo. Na nilisimama, na kanuni ikaanguka, tukarudi kwenye zamu, na mashuka sasa yana alama za kupapasa. Fundi wa mashine hakusema nami mpaka Idi. Wenzangu walimtumia Karani ujumbe arudi, akawashukuru, akasema amezoea kukaa. Hayo yalikuja baadaye. Pale kibarazani nilikuwa na ahadi tu.

"Una karatasi?" akauliza.

Nilikuwa nayo. Akapeleka mkono kichwani, chini ya mtandio, moja kwa moja, bila kutafuta popote, akanipa penseli. "Andika: macho yako yanapungua, na hutapona."

Nikaandika neno kwa neno, nikamsomea.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, Karani."

Akanyoosha kiganja, nikamwekea karatasi. Alipitisha kidole juu yake, taratibu, kama alivyokuwa akipapasa pembe za mashuka. Lakini penseli haiachi kitu cha kushika. Kisha akageukia mlango.

"Mdogo wangu, hebu njoo," akaita. "Nisomee hapa pameandikwa nini."

Mdogo wake akatoka na sindano mdomoni, akaiweka kofia chini, akaichukua ile karatasi. Nami nikasimama nikingoja asome.